Faili za arusi zinatoka meza hii kwenda meza ile, kwani lazima zipitie klaudi?

Nianze na hesabu ju hapo ndio watu wengi huwa hawafiki. Arusi moja ya kawaida, kamera mbili, memori kadi zikishamwagwa kwa laptopu unapata kitu kama 32GB. Mpiga picha ako na hizo faili, mhariri ako kwa chumba cha pili, na ofisi nyingi ndogo hapa Nairobi zenye nimeingia zinafanya hivi: mpiga picha anaaplodi kwa klaudi, mhariri anadaunlodi. Ukuta uko katikati yao ni wa mbao nyembamba, wanaongea kupitia hapo, lakini faili inatumwa mpaka kwa seva ya nchi ingine alafu irudi.

Sasa piga hesabu. Kampuni ya intaneti inauza spidi kwa megabiti, lakini faili inapimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hivyo 32GB ni megabiti 256,000 hivi. Ukiwa na laini ya kuaplodi ya 4Mbps, na hiyo ni kama hakuna mtu mwingine anaitumia, hakuna mtoto wa mwenye nyumba anatazama video, unahitaji sekunde 64,000, yaani karibu masaa 18. Mhariri naye akidaunlodi kwa 10Mbps anakaa masaa 7 mengine. Na kama mko kwa bando, hiyo arusi moja imekula 64GB, ju 32 imeenda na 32 imerudi. Hapo hatujaongea kuhusu ile nafasi ya bure ya klaudi, ju Google kwa mfano wanakupa 15GB na hiyo 15 unagawana na barua pepe zako na picha za simu yako. Nusu ya arusi haitoshei.

Hiyo 32GB hiyo hiyo, kwa waifai ya ndani ya nyumba, bila intaneti hata kidogo, inaenda kwa dakika kama 18 kama waifai ni ya 5GHz na mko karibu. Mimi ndio nafanya hii kazi ya video kila wiki na nimehamia huko kabisa, so wacha nieleze venye tunafanya, wapi inagoma, na wapi bado nalipia klaudi.

Kitu cha kwanza mtu ashike ni kwamba waifai na intaneti ni vitu viwili. Ruta ni kituo cha kuunganisha vifaa vyenu, na ile waya yenye inaingia nyuma kwa tundu imeandikwa WAN ndio inaleta intaneti. Ukichomoa hiyo waya ya WAN, waifai haizimiki, laptopu zote bado zinaonana, simu zote bado zinaonana, isipokuwa hakuna mtu anaenda nje. Kwa hivyo ata ruta ya zamani yenye mlibaki nayo mkiachana na kampuni, ile imekaa juu ya kabati inakula vumbi, ukiiwekea stima inafanya hii kazi poa bila kulipia mwezi. Na ukiwa na wasiwasi kama faili inapitia ndani ama inakula bando, hakuna haja ya kubahatisha, anza kutuma alafu chomoa ile waya ya WAN katikati ya kutuma. Ikiendelea, iko ndani. Ikikufa, ilikuwa inazunguka nje.

Apu zenyewe natumia mbili. Ya kwanza ni LocalSend, ya bure, iko ya Windows, Mac, Linux, Android na ata aifoni, na hiyo ndio sababu naipenda ju studio yetu ni mchanganyiko, hakuna vifaa viwili vinafanana. Hakuna kujisajili, hakuna barua pepe, hakuna nywila. Unafungua kwa vifaa vyote viwili, kila kimoja kinajipa jina la kuchekesha la tunda hivi na sifa yake, mwenye anatuma anaenda kwa Send, anachagua faili ama folda nzima, anabonyeza jina la mwenzake, mwenzake anabonyeza Accept. Imeisha. Na inafunga data njiani kwa hivyo mtu mwingine kwa hiyo waifai hawezi kusoma kirahisi.

Kama kuna mtu hana hiyo apu na hataki kuiweka, kwa mfano kastoma amekuja kuchukua picha zake za pasipoti na simu yake haina nafasi ya apu ingine, kwa upande wa Send kuna chaguo la Share via link, inakupa adresi ya kuandika kwa brauza, kitu kama http://192.168.0.105:53317, yeye anaunganisha kwa waifai yako anaandika hiyo anadaunlodi. Hapati bili ya bando na wewe pia hupati.

Sasa pale inagoma. Karibu kila mtu mwenye nimemwekea hii kitu amenipigia simu akisema "bro, hazionani." Na sababu huwa ni moja kati ya tatu.

Ya kwanza, mmoja yuko kwa waifai ya wageni, ama hiyo ruta imewashwa kitu inaitwa AP Isolation, wengine wanaiandika Client Isolation. Kazi yake ni kuzuia vifaa visionane, na kwa hoteli ama kafe ni kitu ya maana sana, lakini kwa studio yako ndio inakuua. Dalili yake ni kwamba intaneti inafanya kazi vizuri kwa wote wawili lakini hakuna mtu anaona mwenzake. Unaingia kwa ukurasa wa ruta, unaizima, ama unahama kutoka kwa ile waifai ya wageni. Na ukiwa kafe usijisumbue kabisa, hiyo hutaweza kuizima, tumia hotispoti yako.

Ya pili ni Windows. Ukiunganisha kwa waifai mpya Windows inaichukulia kama mtandao wa umma, Public, na inafunga milango. Unaenda kwa mipangilio ya hiyo waifai, unabadilisha iwe Private, na ikikuuliza kuhusu Windows Firewall unaruhusu. Dalili hapa ni tofauti kidogo, mara nyingi laptopu inaweza kutuma kwa simu lakini simu haiwezi kutuma kwa laptopu. Ukiona hivyo usiguse ruta, shida iko kwa laptopu.

Ya tatu ndio ya ujanja. Simu ya Android ikigundua waifai haina intaneti, inaweza kuiacha kimyakimya ikarudi kwa data ya laini. Wewe unaona ile alama ya waifai uko sawa, kumbe simu imekuhama, na apu zingine zenye hazingoji waifai zinaweza kuanza kula bando. Kwa hivyo ukitumia ruta bila intaneti, zima data ya simu kwanza. Simu ikiuliza kama ubaki kwa hiyo waifai ata kama haina intaneti, kubali.

Ukitaka kujua kama shida ni mtandao ama apu, kwa laptopu moja angalia adresi yake na kwa ingine jaribu kuipigia:

```
ipconfig
ping 192.168.0.105
```

Badilisha hiyo namba iwe ile umeona kwa `IPv4 Address` ya mwenzako. Kama tarakimu za mbele hazifanani, tuseme mmoja ni 192.168.0 na mwingine ni 192.168.1, basi mko kwa mitandao miwili tofauti, labda mmoja yuko kwa ruta na mwingine kwa ekstenda. Jibu likirudi na LocalSend bado haioni, rudi kwa ile maneno ya Private. Lakini usijifunge na ping peke yake, ju Windows yenyewe huwa inakataa kujibu ping wakati mwingine ata mtandao ukiwa sawa.

Spidi nayo ina siri yake. Kama laptopu zote mbili ziko kwa waifai ya ruta, kila kipande cha faili kinaruka hewani mara mbili, kutoka kwa laptopu ya kwanza hadi kwa ruta, alafu kutoka kwa ruta hadi ya pili, na hewa ni hiyo moja mnagawana. Kwa hivyo ukichukua laptopu moja ukaichomeka kwa ruta na waya, ata kama ingine imebaki kwa waifai, unaona spidi imepanda sana, mradi tundu la ruta lenyewe si la polepole. Hii ndio kitu ya kwanza nafanya nikiingia mahali watu wanalia iko polepole.

Ya pili ni kuhakikisha mko kwa 5GHz. Fleti za Nairobi, hasa huku kwetu Eastlands venye nyumba zimebanana, ukifungua orodha ya waifai unaona majina ya ploti nzima, na nyingi zimejazana kwa 2.4GHz. Hapo 32GB inaweza kukaa masaa mawili badala ya dakika 18. 5GHz haipiti ukuta wa mawe vizuri, hiyo ni kweli, lakini kwa studio ya vyumba viwili hiyo ni sawa tu.

Na kuhusu waya, kuna jambo watu wa duka hawakuambii. Ruta nyingi za bei ya chini, zile unapewa bure ukiunganishwa, matundu yake ya waya ni ya 100Mbps. Hiyo ni kama megabaiti 11 kwa sekunde, so 32GB itakaa dakika 48 hivi, yaani waya imekuwa polepole kuliko waifai nzuri. Ukitaka waya iwe na maana tafuta swichi yenye imeandikwa gigabit ama 10/100/1000, zile ndogo za matundu matano ziko tele Luthuli Avenue, na hakikisha ata waya ni Cat5e ama zaidi. Hapo 32GB inaweza kuisha kwa dakika tano sita hivi kama diski zako si za kizamani. Mimi kwa studio nimeweka hiyo swichi na nikaacha ruta ifanye kazi ya simu tu.

Alafu kuna siku stima inapotea. Ruta inakufa, lakini laptopu ziko na betri na dedilaini haijali. Hapo unazima data kwa simu ya Android, unawasha hotispoti, laptopu zote mbili zinaunganisha kwa hiyo hotispoti, na LocalSend inaendelea kama kawaida. Narudia hapo kwa kuzima data, ju hotispoti ikiwa na data imewashwa Windows inaona sherehe, inaanza kujisasisha, na bando ya wiki inaisha kabla ata faili haijafika nusu. Kama lazima data ibaki imewashwa, ingia kwa mipangilio ya hiyo waifai kwa laptopu uwashe Metered connection, angalau Windows itatulia kidogo.

LocalSend ina mpaka wake pia. Ni ya kutuma mara moja. Faili ya 12GB ikikatika ikiwa imebaki kidogo, hutegemei iendelee pale ilipokatikia, jipange kuituma hiyo faili upya. Na haijui kama faili imebadilika tangu jana. Kwa kazi ya kila siku, venye mpiga picha anaongeza vitu na mhariri anarudisha vitu, hapo ndio naingia kwa apu ya pili, Syncthing.

Syncthing inafanya ile kazi watu huwa wanalipia klaudi iwafanyie, unaweka faili kwa folda kwa laptopu moja na inatokea kwa ingine, lakini hakuna seva ya kuhifadhi katikati, ni laptopu kwa laptopu. Mkizima moja, ingine inangoja, mkiwasha zinamalizana. Na kama faili kubwa imebadilika sehemu tu, inatuma zile sehemu zimebadilika, haitumi faili yote. Ikikatika inaendelea pale ilikuwa. Kwa watu wa intaneti mbovu hiyo peke yake inatosha kunishawishi.

Ukiiweka inafunguka kwa brauza, adresi yake ni 127.0.0.1:8384. Kila mashine ina kitambulisho chake kirefu, Device ID, unanakili cha mwenzako unakiweka kwa yako, yeye anapata ujumbe wa kukubali, basi mmejuana. Sasa hapa usikimbie. Vile inakuja, Syncthing inajaribu pia kutafuta mwenzako kupitia intaneti, na ikishindwa kumfikia moja kwa moja inaweza kupitia mashine za watu wa kujitolea huko nje. Hiyo ni msaada ukiwa na faiba isiyo na kikomo, lakini ukiwa kwa bando ni hatari, ju mhariri akienda na laptopu nyumbani akawasha hotispoti yake, arusi inaanza kumfuata huko. So unaenda Actions, alafu Settings, alafu Connections, unatoa tiki kwa Global Discovery, Enable Relaying na Enable NAT Traversal, unaacha Local Discovery peke yake. Fanya hivyo kwa mashine zote mbili.

Jinsi ya kujua kama umefaulu, bonyeza jina la kifaa cha mwenzako uangalie sehemu ya Connection Type. Ikisema TCP LAN ama QUIC LAN uko ndani ya nyumba. Ikisema WAN, ama uone neno Relay, simamisha hapo hapo kwa kubonyeza Pause, bado kuna tiki hujatoa.

Sasa mpangilio wa folda, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Usifanye folda moja yenye kila mtu anaandika. Sisi tuko na folda mbili kwa kila arusi. Moja inaitwa MBICHI, kwa laptopu ya mpiga picha iko Send Only na kwa ya mhariri iko Receive Only, yaani inaenda upande mmoja tu. Ya pili inaitwa TAYARI, hiyo ni kinyume, mhariri ndio anatuma. Mhariri akifuta kitu kwa MBICHI bahati mbaya, kwa laptopu ya mpiga picha hakuna kitu kinaguswa, na kwa yake kinatokea kitufe cha Revert Local Changes, anakibonyeza faili inarudi. Mkitumia ile ya Send & Receive na watu wawili waguse faili moja kabla mashine hazijaonana, utaanza kuona faili ziko na jina refu limeongezwa `sync-conflict` na tarehe, na hapo mtaanza kulaumiana nani aliguza nini.

Kitu ingine, programu za kuhariri video huwa zinatengeneza faili zao za muda kubwa kubwa, na hakuna sababu ya hizo kusafiri. Kwa folda ya TAYARI unafungua Ignore Patterns unaandika kitu kama hivi:

```
*.tmp
CacheClip
```

Hiyo CacheClip ni ya DaVinci Resolve, wewe angalia programu yako inaita folda yake aje.

Na tafadhali, Syncthing si bakapu. Mwenye ako Send Only akifuta, inafutwa kwa mwenzake pia, hiyo ndio kazi yake, kufananisha. Kwa hivyo kwa upande wa kupokea washa File Versioning, chagua Trash Can File Versioning, uipe siku 30 hivi. Faili yenye imefutwa ama kubadilishwa na mwenzako inaenda kwa folda iliyofichwa ya `.stversions` badala ya kupotea. Itakula nafasi ya diski, najua, lakini nafasi ya diski unainunua mara moja.

Kama arusi tayari ni kubwa na hamtaki kungoja waifai ata hizo dakika 18, kuna njia ya mkato. Nakili MBICHI na diski ya nje, iweke kwa laptopu ya mhariri mahali folda ya Syncthing itakuwa, alafu ndio muunganishe. Syncthing itasoma pande zote mbili, unaona imeandika Scanning kwa muda, itagundua ni vitu vile vile na haitatuma chochote. Kuanzia hapo inatuma mabadiliko tu. Diski yenyewe iwe imefomatiwa exFAT, ju zile nyingi za zamani na flashi ziko FAT32 na hiyo haikubali faili moja ya kufika 4GB, na klipu ndefu ya kanisani inapita hapo bila shida. Ukiona ujumbe kwamba faili ni kubwa sana na diski bado ina nafasi kibao, shida ni hiyo tu.

Watu wa simu, toleo rasmi la Syncthing la Android lilisimamishwa mwisho wa 2024, yenye inaendelea ni Syncthing-Fork. Lakini kusema ukweli kwa simu mimi nabaki na LocalSend, ju Android inapenda kuua apu zinakimbia kwa nyuma ili kuokoa betri, na unabaki ukishangaa mbona haisonga.

Sasa klaudi nailipia wapi? Kwa kastoma. Bwana arusi ako Doha, mama yake ako Kakamega, hao hawawezi kuja kuunganisha kwa waifai yangu. Lakini kitu naaplodi ni ile ya mwisho, albamu imepunguzwa na video moja, kama 1.5GB, si 32. Kwa ile laini ya 4Mbps hiyo inakaa dakika 50, naiacha nikienda lanchi. Uzito wa faili na umbali wa mtu ndio vinaamua, si mazoea. Nakala moja ya kila kazi pia lazima ikae nje ya studio, ju LocalSend na Syncthing zote zinaacha kila kitu chini ya paa moja, na mwizi akiingia anabeba laptopu zote mbili pamoja na swichi. Sisi tunaweka diski moja nyumbani kwa mmoja wetu, mtaa mwingine kabisa, inaletwa mara moja kwa wiki inajazwa inarudi.

Na kuna ile hali ya katikati, mhariri wa muda ako Rongai na wewe uko Umoja. Hapo hakuna waifai ya kuwaunganisha na 32GB kwa bando ni wazimu. Diski inapanda boda. Kabla haijatoka, chagua klipu mbili tatu kubwa upige alama ya kila moja ikiwa kwa laptopu yako:

```
certutil -hashfile C0012.MP4 SHA256
```

Inatoa mstari mrefu wa herufi na namba. Ikifika, yeye apige hiyo hiyo kwa diski, akutumie huo mstari kwa meseji. Herufi moja ikitofautiana faili imeharibika kwa kunakili ama njiani, mnanakili hiyo moja upya, si zote. Na memori kadi za kamera usizifomati mpaka huo ujumbe urudi, ata kama mpiga picha anazihitaji kesho asubuhi kwa ruracio, mnunulie ingine.